Soko la Darasani: Mchezo wa Fedha, Chenji na Kupatana Bei kwa Darasa la Tatu

Mchezo huu umeandaliwa kwa darasa la wanafunzi 48 wenye umri wa miaka minane hivi, nao unachezwa katika vipindi viwili vinavyofuatana vya dakika 40 kila kimoja. Watoto wengi wa umri huu wamekwisha kutumwa sokoni au gengeni, lakini wengi wao hutoa noti, hupokea chochote wanachorudishiwa na kukimbia nyumbani bila kujua kama hesabu imekamilika. Kwa sababu hiyo, sharti kuu la mchezo ni moja: hakuna mnunuzi anayeachia fedha yake kabla ya kutaja kwa sauti kiasi anachopaswa kurudishiwa.

Maandalizi

Panga meza nane kuzunguka kuta za darasa, na katikati paachwe njia pana. Kila meza iwe na muuzaji mmoja na mtunza fedha mmoja. Wanafunzi 28 wawe wanunuzi, wakitembea wawiliwili, na wanne waliobaki wawe wakaguzi wa soko. Bidhaa ziwe vifuniko vya chupa, mawe madogo, majani na vijiti vilivyofungwa kwa uzi, kwa maana nyanya halisi hupondeka na machungwa halisi huliwa kabla hesabu haijaisha.

Fedha zikatwe kutoka maboksi magumu, zikiwa na upande mmoja tu ulioandikwa, pamoja na neno SOKO, ili mtoto yeyote asijaribu kuzipeleka dukani. Sarafu ziwe za shilingi 100, 200 na 500, na noti ziwe za 1,000 na 2,000. Kila jozi ya wanunuzi ipewe noti moja tu ya 2,000, wala isipewe fedha ndogo, kwa kuwa mwenye fedha kamili hana sababu ya kudai chenji. Kila mtunza fedha aanze na kianzio cha shilingi 4,500: noti moja ya 1,000, sarafu tatu za 500, sarafu tano za 200 na sarafu kumi za 100. Aihesabu mwenyewe mbele ya mkaguzi kabla soko halijafunguliwa.

Kadi za wauzaji

Kila kadi ina bei ya kutaja, ambayo mteja anaambiwa, na bei ya mwisho, ambayo ni siri ya meza hiyo. Fungu la nyanya linatajwa 800, mwisho 600. Fungu la vitunguu linatajwa 700, mwisho 500. Fungu la mchicha ni 300, mwisho 200. Kopo la dagaa ni 1,000, mwisho 800. Kopo la maharage ni 1,200, mwisho 1,000. Na fungu la viazi vitamu ni 1,000, mwisho 700. Ndizi mbivu ni 200 kila moja na bei yake haipungui. Chungwa moja ni 200, lakini machungwa matatu ni 500. Muuzaji asimwambie mnunuzi jambo hili mpaka aulizwe.

Kadi za wanunuzi

Kadi ya kwanza, kwa jozi nne: «Mama amekutuma na shilingi 2,000. Nunua nyanya fungu 1, vitunguu fungu 1 na mchicha fungu 1, urudi na shilingi 500 za nauli.» Kwa bei za kutaja, vitu hivi vinafika 1,800, kwa hiyo mtoto hana budi kupunguziwa angalau 300 kwa jumla. Mwache agundue mwenyewe.

Kadi ya pili, kwa jozi tatu: «Nunua machungwa 6 na dagaa kopo 1, urudi na shilingi 200.» Hii ndiyo kadi ngumu kuliko zote, nayo wapewe watoto wanaomaliza mazoezi mapema. Machungwa sita yakinunuliwa moja moja ni 1,200, lakini yakinunuliwa matatu matatu ni 1,000. Hata hivyo, kadi haitimii mpaka dagaa wauzwe kwa 800.

Kadi ya tatu, kwa jozi tatu: «Nunua maharage kopo 1 na ndizi 3, urudi na shilingi 300.» Kadi ya nne, kwa jozi nne: «Nunua viazi vitamu fungu 1 na mchicha mafungu 2, urudi na shilingi 800.»

Mazungumzo ya mfano

Mwalimu na mwanafunzi mmoja wayaigize mbele ya darasa kabla ya kuanza.

Mnunuzi: Shikamoo mama.
Muuzaji: Marahaba mwanangu, karibu. Nyanya za leo hizi.
Mnunuzi: Fungu shilingi ngapi?
Muuzaji: Mia nane.
Mnunuzi: Naomba nichukue kwa mia tano.
Muuzaji: Mia tano hailipi, mwanangu. Lete mia saba.
Mnunuzi: Bado tumepishana mia mbili. Niuzie kwa mia sita, mama.
Muuzaji: Haya, chukua.
Mnunuzi: Ninakupa elfu mbili. Utanirudishia elfu moja na mia nne.
Mtunza fedha: Nyanya mia sita. (Anaweka sarafu ya 200.) Mia nane. (Anaweka 200 nyingine.) Elfu moja. (Anaweka noti ya 1,000.) Elfu mbili. Hesabu yako imetimia.

Kanuni za kupatana

Kusema «nipunguzie» peke yake hakukubaliki. Kila ombi liwe na namba, na kabla ya kutoa ombi jipya mnunuzi ataje wamepishana kiasi gani. Kila upande una nafasi tatu za kutaja bei. Wakikwama, wagawanye tofauti katikati: ikiwa mmoja yuko 800 na mwingine 500, tofauti ni 300, nusu yake ni 150, na bei ya kati ni 650. Kwa kuwa soko letu halina sarafu ya 50, itawabidi waamue kati ya 600 na 700, na mabishano ya hapo yana faida kubwa, kwa hiyo mwalimu asiyakatize.

Kurudisha chenji

Tunasisitiza kuhesabu kwa kupanda, kutoka bei hadi fedha iliyotolewa, kama alivyofanya mtunza fedha hapo juu. Mtoto anayeandika 2,000 toa 600 kwa kupanga wima mara nyingi hukwama kwenye kukopa penye sifuri, na wapo wanaoandika 2,600 bila kushtuka. Akiwa na sarafu mkononi huona wazi kwamba chenji haiwezi kuzidi noti aliyopewa. Hesabu ya wima ifanywe baadaye, kwenye daftari, kuthibitisha jibu.

Chenji ikiisha mezani, mtunza fedha aende meza jirani akaombe kuvunjiwa noti, na mkaguzi ahakikishe kwamba noti ya 2,000 imebadilishwa kwa fedha zinazofika 2,000 kamili.

Katikati ya mchezo, mwalimu amnong'oneze mtunza fedha mmoja apunguze chenji kwa shilingi 100, na mwingine aizidishe kwa 200. Darasa zima liwe limeambiwa tangu mwanzo kwamba jambo hilo litatokea, ili asiwepo mtoto atakayeitwa mwizi. Jozi itakayogundua upungufu hupata nyota moja. Itakayogundua ziada na kuirudisha hupata nyota mbili.

Kufunga soko

Baada ya dakika 25 kengele ipigwe. Kila meza ihesabu fedha zote, itoe kianzio cha 4,500, kisha ilinganishe kilichobaki na jumla ya mauzo yaliyoandikwa. Meza yenye shilingi 7,800, kwa mfano, lazima iwe imeandika mauzo ya 3,300. Zisipolingana, wauzaji na mkaguzi wapitie daftari mstari kwa mstari, na wapewe muda wa kutosha hata kama kengele ya mapumziko imekaribia.

Awamu ya pili inaanza kwa kubadilishana nafasi: wanunuzi 16 wanakuwa wauzaji na watunza fedha, wanne wanakuwa wakaguzi, na wauzaji na wakaguzi wa kwanza wanachukua kadi za wanunuzi. Wanunuzi wanane watakaokuwa hawajabadilishiwa nafasi waandikwe majina ubaoni, kwa kuwa wao ndio watakaofungua meza wiki ijayo.