Namba Moja ya Ziada

"Hiyo hatuna, lakini hii ni ileile tu," alisema kijana wa duka la Msimbazi, akasogeza pakiti ya nyuzi za gitaa za Alice juu ya kioo. "Elfu nane. Wanakwaya wote wanachukua hii."

Erasto aliitazama, akairudisha taratibu. Mkononi alikuwa na kipakiti chake mwenyewe, cha karatasi, kimechakaa kwenye mikunjo. Jina la Rotosound lilikuwa bado linasomeka, na chini yake neno England.

"Ileile namna gani, kaka? Hii ya China, ile ya Uingereza."

"Gitaa linajua pasipoti?" Kijana alikuwa ameshamgeukia mteja mwingine aliyekuja kuulizia spika.

Ndivyo Kariakoo ilivyompokea. Duka lililofuata lilikuwa na mikisa, maikrofoni na ngoma za plastiki za watoto, nyuzi hakuna. Mtaa wa pili, mama mmoja alikichukua kile kipakiti, akakigeuza mbele na nyuma, akasema mume wake aliwahi kuuza nyuzi za aina hiyo wakati duka likiwa bado dogo, ila sasa watu wanataka kinanda, siku hizi bendi ni kinanda na kompyuta. Kwingine walimpigia simu mtu wa stoo. Mtu wa stoo akasema zipo, akaja anahema na boksi la nyaya za baiskeli.

Jumamosi ilikuwa sendofu ya Neema.

Baba yao, mzee Gaudensi, aliingia Dar es Salaam mwaka 1979 kwa treni ya reli ya kati kutoka Kigoma, na gitaa kavu lililofungwa kwa kanga. Miaka ile muziki wa dansi ulikuwa na wenyewe. Vyombo vilikuwa mali ya mashirika na jumuiya: NUTA, chama cha wafanyakazi, ilikuwa na bendi yake tangu 1964, baadaye JUWATA, na Mlimani Park ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, 1978. Mpiga gitaa aliajiriwa, akapewa gitaa la bendi, na likiharibika alisubiri uongozi. Mzee Gaudensi alipiga solo la pili kwenye bendi ya shirika mpaka shirika lilipouzwa na bendi ikafa nalo. Wenzake wengi walibaki mikono mitupu. Yeye alilipwa sehemu ya madai yake kwa gitaa lenyewe, jekundu, la umeme, na tangu hapo hakuruhusu mtu mwingine aliguse.

Kila Jumapili jioni alilipiga sebuleni kupitia amplifaya ndogo. Kulikuwa na wimbo mmoja usio na maneno, alioutunga wiki aliyozaliwa Neema. Haukurekodiwa popote. Alikuwa akimwambia Neema, "Huu utausikia siku ya kukuaga." Machi mwaka jana alitoa nyuzi zote ili asafishe shingo ya gitaa, akasema atafunga mpya keshokutwa. Keshokutwa alilazwa. Hakurudi.

Erasto alijifunzia gitaa kavu kanisani. Wimbo ule aliujua kwa sikio, kila noti. Ila aliujua katika sauti moja tu, ile ya Jumapili, nyembamba na yenye kung'aa, na alikuwa ameshaamua kwamba siri ya sauti ile ni nyuzi. Mkebe wa biskuti uliokuwa chini ya kitanda cha baba ulimthibitishia: ndani mlijaa vipakiti vya Rotosound, na katika kila kimoja umebaki uzi mmoja uliokunjwa duara, haujawahi kufungwa. Akiba, alidhani. Mzee alikuwa mtu wa akiba.

Jumanne alihamia Posta. Katika duka lenye kiyoyozi alikuta D'Addario na Ernie Ball zimepangwa ukutani, na muuzaji mwenye adabu aliyemtafutia Rotosound kwenye simu yake palepale. "Tunaagiza, bro. Wiki tatu." Erasto alimweleza habari ya Jumamosi. Muuzaji akasikitika kweli, akamshauri achukue Ernie Ball, akamwekea hata moja kwenye gitaa la dukani ili aisikie. Ilikuwa nzuri. Erasto alishukuru, akatoka.

Jirani na Mnara wa Saa palikuwa na duka refu lenye giza, la mzee wa Kihindi aliyekaa nyuma ya meza iliyojaa filimbi na ngozi za ngoma. Hapo angalau kulikuwa na harufu ya vyombo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete nione." Alivaa miwani, akakishika kile kipakiti kwa ncha za vidole. "Huyu nani alinunua?"

"Baba yangu. Alikuwa anapiga solo la pili. Mwembamba, mrefu, wa Kigoma."

Mzee alivua miwani. "Seti moja na namba moja ya ziada! Kila mara. Mimi namwambia, chukua seti mbili nikupunguzie, anakataa. Anataka seti moja, na namba moja nyingine rejareja. Yuko wapi?"

"Alifariki mwaka jana."

"Pole, mwanangu." Alinyamaza kidogo. "Wakati ule mzigo ulikuwa shida, fedha za kigeni hakuna. Nikipata pakiti kumi, wanamuziki wanajua kabla sijafungua boksi. Baba yako alikuwa anakuja na pesa ya sarafu."

Habari ya namba moja ya ziada haikumshangaza Erasto. Namba moja ndiyo nyembamba kuliko zote, ndiyo hukatika kwanza. Kila mpiga gitaa anajua. Mzee hakuwa na Rotosound, alishaacha kuleta, lakini alimwelekeza Kinondoni, kwenye chumba cha vyombo vya bendi si mbali na Mango Garden.

Kinondoni walikuwa nayo. Moja tu, imebanwa kati ya vijiti vya ngoma. Elfu arobaini na tano, na mwenye duka hakupunguza hata mia. Erasto alilipa pesa aliyokuwa ameitenga kwa viatu vya sherehe.

Usiku ule alifunga nyuzi zote sita, akavuta, akatyuni, akaiwasha amplifaya. Mama alikuja na kiti chake cha jikoni akaketi mlangoni. Erasto alipiga wimbo wa Neema mwanzo mpaka mwisho, hakukosea noti.

Mama alitikisa kichwa. "Umepiga vizuri. Lakini siyo."

"Nyuzi ni zilezile, mama."

"Nimekusikia. Siyo." Akafikiri. "Baba yako alizichemsha nyuzi kwenye sufuria yangu ya wali, miaka ile ya shida, zikirudi zinalia kama mpya. Alifunga za Kijerumani, alifunga za Kichina. Ilikuwa sauti yake tu. Sasa hii si yake."

Nadhani hapo ndipo mtu mwingine angekata tamaa na kusema sauti ya marehemu haipatikani dukani. Erasto hakukubali. Sauti ya gitaa ni chuma, mbao na mkono. Lazima kuna jambo. Alfajiri alichukua mkebe na gitaa, akapanda daladala kwenda Buguruni Malapa kwa mzee Kondo, aliyepiga rithimu kando ya baba yake miaka yote ya bendi.

Mzee Kondo alisikiliza kisa chote bila kusema, kisha akaomba mkebe. Alifungua kipakiti cha kwanza, akautoa uzi uliobaki, akaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Akafungua cha pili. Cha tatu.

"Erasto, hizi ni namba ngapi?"

Kijana aliupokea mmoja. Ulikuwa umezungushiwa waya mwembamba juu ya waya, unakwaruza kidogo. "Namba nne."

"Na hii?"

"Namba nne."

"Humu kuna namba tatu hata moja? Kuna namba sita?" Alimwaga mkebe mzima mkekani. "Baba yako hajawahi kufunga namba nne maishani mwake. Hii ni mikompoze, mwanangu. Ya Wakongo. Aliifundishwa Kigoma na fundi wa viatu aliyevuka ziwa. Unatoa namba nne, mahali pake unaweka namba moja nyingine. Unaishusha mpaka re. Re ileile ya namba nne, lakini ya juu. Vidole havibadiliki, kodi ni zilezile. Ila ukichambua uzi mmoja mmoja, noti iliyokuwa inakwenda chini inaruka juu, katikati ya zile nene, na gitaa moja linasikika kama watu wawili wanaojibizana."

Erasto alibaki ameushika ule uzi. "Kwa hiyo Rotosound..."

"Aliipenda, usidharau. Namba moja yake ilivumilia, na yeye alikuwa nazo mbili za kuogopea. Ikikosekana, alifunga iliyopo." Mzee Kondo aliinuka kwa kushika ukuta, akaleta gitaa lake mwenyewe, akaanza kulegeza uzi wa kwanza. Kitufe kilikuwa kigumu. Alikizungusha kwa koleo ndogo mpaka uzi ukalala, akautoa tunduni na kuunyoosha juu ya goti. "Chukua huu. Mimi sina shughuli Jumamosi zaidi ya kula pilau yenu."

Waliufunga hapohapo kibarazani. Namba nne ya Kinondoni, mpya kabisa, Erasto aliikunja duara, akairudisha kwenye pakiti yake, na pakiti ndani ya mkebe pamoja na nyingine. Mzee Kondo aliimba re kwa sauti ya kukwaruza, uzi ukapanda kuifuata, ukapita, ukarudi.

Jioni Neema alikuwa saluni. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, redio imewashwa. Erasto hakumwambia kitu. Alichomeka gitaa, akaanza wimbo kwa kuchambua, polepole, maana ile noti ya juu ilikuwa inamshtua kila inapotokea pale alipozoea kusikia ya chini.

Mikono ya mama ilisimama juu ya ungo. Alinyoosha mkono akaizima redio. Aliacha wimbo uende, akifuata kwa midomo kitu ambacho hakikuwa na maneno, machozi yanamtoka wala hayafuti, mpaka Erasto alipofika mwisho na kumtazama.

"Ndiyo," alisema mama. "Ndiyo yenyewe. Sasa rudia pale pa pili, panapopanda. Umeharakisha. Baba yako alikuwa anamsubiri Neema ageuke kwanza."