Barua kwa somo yangu Hawa, Arua

Bombo, Jumapili jioni

Somo yangu Hawa,

Asalaam alaikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, na leo naliandika neno hilo bila kukuficha kitu.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Mara mbili nimejaribu kukushukuru kwa simu, na mara zote mbili umenikatiza: "Acha hayo, mama anaendeleaje?" Karatasi haikatizwi. Naomba uisome mpaka mwisho.

Usiku ule wa Alhamisi sikukusimulia kwa mpangilio, nilikuwa nalia tu na kurukaruka. Mambo yalikuwa hivi. Baada ya magharibi walikuja wanaume wawili kwa bodaboda, wana nakala ya hati ya kiwanja chetu na karatasi yenye sahihi ya mdogo wangu Juma. Alikuwa amekopa milioni 12 na kuiweka nyumba ya baba rehani. Mama hakujua. Hakuna aliyejua. Kaka akarudi kutoka dukani akayakuta, akaingia stoo, akatoka na panga. Majirani walimshika. Juma akakimbilia gizani, na katika purukushani ile mama akaanguka mlangoni pa jiko. Walimbeba kwa gari la jirani kumpeleka kliniki, kaka na mkewe wakaenda naye, mimi nikabaki na watoto wao wanne na mlango niliousukumia meza.

Nilianza kumpigia dada Kampala, simu yake imezimwa. Nikampigia binamu yetu. Huyo alipokea, lakini swali lake la kwanza lilikuwa nani ana makosa. Nikakata. Ndipo nikakupigia wewe, saa 3 na nusu, na wewe ukasema, "Nipo, Hawa." Basi. Hukuniuliza lolote mpaka nilipotulia kidogo, na hata hapo uliniuliza kama watoto wamekula.

Walikuwa hawajala. Niliwapikia uji huku simu iko juu ya kabati, nawe unasikia sufuria. Mpaka leo sijui ningeukumbukaje uji.

Dakika zangu zilipokwisha, simu ilikatika nikiwa katikati ya neno. Kabla sijaitoa sikioni ikaita, ni wewe. Zilipokwisha zako ukanunua nyingine, kisha nyingine tena. Nakujua, hutaniambia ni kiasi gani, lakini najua pia kwamba Ijumaa ni siku yako ya kufungua kibanda mapema. Na kila simu ya wifi ilipoingia kutoka kliniki ulisema, "Pokea, mimi nasubiri." Nilipokea, nikasikia presha bado iko juu, nikarudi kwako, nawe upo palepale. Mara ya tatu niliogopa kurudi. Nilidhani safari hii sitakukuta. Nikakukuta.

Kuna saa moja nataka uijue. Kama saa 8 usiku niliishiwa maneno kabisa. Nikakwambia nenda ukalale. Ukasema, "Sitasema kitu, nachambua maharage tu." Nikawa nasikia maharage yanavyodondoka kwenye sufuria, mojamoja, mara kokoto linarushwa pembeni. Umeme ulikuwa umekatika huku, watoto wamelala sakafuni, kila mbwa akibweka nadhani wale wanaume wamerudi. Katika giza lile nilishikilia mlio wa maharage yako. Nilihesabu mpaka nikapotea, nikaanza upya.

Na jambo zito zaidi ni lile nililosema juu ya Juma. Unakumbuka, sitalirudia hapa. Mdogo wangu niliyembeba mgongoni nilimwombea kitu ambacho mtu hamwombei hata mwizi. Wewe hukunikemea, wala hukunikubalia. Ulikaa kimya, kisha ukasema, "Nimekusikia." Somo, ungenikubalia usiku ule, ningepata nguvu ya kulishika neno lile kama ukweli. Na ungenikemea, ningefunga mdomo nikabaki nalo tumboni. Juma alirudi jana alasiri, amekonda, viatu vimejaa matope, na niliweza kumtengea chakula. Hatukuongea. Alikula chote.

Nakushukuru pia kwamba maneno yangu yamebaki kwako. Shangazi yuko hapohapo Arua, mnakutana sokoni kila wiki, na alipopiga Ijumaa kusalimia alikuwa hajui chochote. Sikukuomba unifichie. Hata wazo la kukuomba halikunijia.

Alfajiri unaikumbuka? Adhana ya hapa ilianza, nikakwambia kumekucha. Ukasema kwenu bado. Dakika chache baadaye nikaisikia ya Arua kupitia simu yako, huku ya Bombo imeshanyamaza. Ulisema, "Haya, sasa tukaswali," ndipo tukakata. Chaji yangu ilibaki asilimia 4.

Habari za sasa ni hizi. Mama alirudi nyumbani jana. Presha imeshuka, dawa anameza asubuhi na jioni, chumvi amekatazwa na analalamika kwa ajili hiyo, jambo linalonifurahisha kuliko yote. Wazee walikaa jana usiku pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Jirani yetu anayefanya kazi kwa wakili alitueleza kwamba hati bado ina jina la marehemu baba, na hakuna mtu kati yetu aliyewahi kwenda mahakamani kuchukua barua za usimamizi wa mirathi, kwa hiyo Juma hakuwa na mamlaka ya kuiweka rehani. Fedha anadaiwa yeye, na amekubali kuuza pikipiki yake aanze kulipa. Lakini hati yenyewe iko mikononi mwa wale watu. Kesho kaka na mwenyekiti wanaifuata. Kaka na Juma bado hawasalimiani. Sitakudanganya kwamba yamekwisha.

Kuna jambo limenikaa rohoni tangu usiku ule. Mwezi wa Ramadhani uliniambia kwamba mambo na shemeji hayako sawa, ukaanza kueleza, nami nikasema "Mungu atasaidia" nikahamia habari za nguo za Idi. Nilikusikia ukinyamaza, na nikaupita ukimya ule. Nisamehe. Kama jambo lile bado lipo, nataka kulisikia lote, tangu ulipoanzia. Nimenunua bando ya dakika ya mwezi mzima, na simu siizimi usiku. Usingoje mpaka likuzidi.

Barua hii iko ndani ya mfuko anaokuletea kondakta wa basi la usiku; atakupigia akishapita Nebbi. Juu kuna kawa mbili alizosuka mama mwenyewe, ile nyekundu na nyeusi ni yako, ile ndogo ni ya binti yako. Alianza kuisuka ya kwako tangu mwaka jana ikawa imelala, jana aliporudi tu akaiomba. Amekaa nayo leo kutwa, amefunga pindo saa 10 jioni hii. Anasema usiiloweke majini, ifute kwa kitambaa kibichi. Chini kuna kahawa iliyotwangwa na tangawizi, nimeifunga kwenye nailoni mbili isinukie basi zima.

Mama ananiambia niandike kwamba anamsalimia Hawa wa Arua, na kwamba maharage yale anataka kujua kama yalipikwa.

Wasalaam,
somo yako Hawa