Barua kwa Wapangaji: Uthibitisho wa Bima ya Mali ya Ndani na Bima ya Dhima Kabla ya Kufanya Upya Mikataba

Jumba la Mlangobahari
Tudor, Mombasa

4 Agosti 2025

Kwa wapangaji wote wa makazi, orofa ya kwanza hadi ya nne

MINTARAFU: UTHIBITISHO WA BIMA KABLA YA KUFANYA UPYA MKATABA WA UPANGAJI

Wapangaji wapendwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mikataba ya nyumba zote za makazi katika jengo hili itamalizika tarehe 31 Oktoba 2025, na wengi wenu mmekwisha kumweleza msimamizi wa jengo, Bwana Karisa, kwamba mngependa kuendelea kukaa, jambo ambalo limenifurahisha. Nawaandikia mapema ili mjue kwamba mkataba mpya, utakaoanza tarehe 1 Novemba 2025, una sharti moja ambalo mkataba wa sasa hauna: kila mpangaji ataonyesha, kabla ya kutia sahihi, kwamba amekata bima ya mali yake ya ndani pamoja na bima ya dhima yake kwa watu wengine. Kodi haipandi kwa sababu ya sharti hili, na amana zenu zitabaki zilivyo.

Lililotokea wakati wa masika mnalijua. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, mfereji wa jikoni katika nyumba moja ya orofa ya tatu ukasahauliwa ukiwa wazi, wenyewe wakaenda kulala kwa jamaa, na maji yaliporudi usiku yakajaza sinki, yakamwagika sakafuni na kupenya hadi chini. Katika nyumba ya chini dari iliharibika, na pamoja nayo godoro, televisheni na cherehani ya umeme ambayo mwenyewe aliitegemea kwa riziki. Bima yangu ya jengo ililipia dari na rangi. Vitu vya mpangaji haikuvilipia, wala haikupasa kuvilipia, kwa kuwa inahusu kuta, paa, mabomba, nyaya na vingine vilivyojengewa ndani ya jumba, basi. Zikabaki familia mbili za majirani wema, moja haina pesa za kulipa na nyingine haina pesa za kununua upya, hadi wazee wa mtaa wakaitwa kuwasuluhisha. Simlaumu mtu. Mfereji ulioachwa wazi siku ya mgao wa maji unaweza kumpata yeyote katika mji huu, na ndiyo maana nataka pawe na fungu la kulipia hasara kabla hasara haijatokea.

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wachache hulijua. Kampuni ya bima ikishanilipa mimi kwa uharibifu wa jengo, huwa na haki ya kusimama mahali pangu na kumdai aliyeusababisha kwa uzembe wake. Pasi iliyoachwa juu ya kitanda, mtungi wa gesi uliofungwa ovyo, au jiko la makaa lililowekwa karibu na pazia kwenye roshani, vyote vinaweza kumletea mpangaji barua ya madai kutoka kwa kampuni ambayo hajawahi kuifahamu, hata kama mimi na yeye tumeshapatana. Bima ya dhima ndiyo humkinga katika hali hiyo.

Nisieleweke vibaya: sharti hili haliniondolei wajibu wangu hata kidogo. Bomba la jengo likipasuka ndani ya ukuta, tangi la juu likifurika kwa sababu boya lake limekufa, au ngazi ikimwangusha mtu kwa kuwa sikuitengeneza, ni juu yangu na juu ya bima yangu, na mpangaji aliyepata hasara ana haki ya kunidai mimi. Sheria ya Dhima ya Wakaaji, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, humtaka yule anayelimiliki eneo kiutendaji awachukulie wageni wake hadhari inayofaa; kwenye ngazi, ua na paa mtu huyo ni mimi, na ndani ya mlango wako ni wewe.

Bima ninayoihitaji huuzwa na kampuni nyingi hapa Kenya kama bima ya nyumbani, ambayo imegawanywa katika sehemu. Mpangaji hahitaji kulipia sehemu ya jengo, kwa kuwa hiyo ninailipia mimi. Anahitaji sehemu ya mali ya ndani, yaani samani, vyombo, nguo na vifaa vya umeme, na sehemu ya dhima ya mkaaji kwa watu wengine, ambayo kikomo chake kisiwe chini ya shilingi 1,000,000 kwa kila tukio. Hapa nawaomba muwe macho: sehemu ya dhima mara nyingi haigusi mali iliyo mikononi mwa mwenye bima, na nyumba uliyoipanga inaweza kuhesabiwa kuwa mali ya namna hiyo. Kwa hiyo mwombeni wakala aandike waziwazi kwamba dhima ya mpangaji kwa jengo alilopanga imejumuishwa. Hati isiyo na maneno hayo sitaikubali.

Kiasi cha bima ya mali ya ndani sikipangi mimi. Kila mtu anavijua vyake, nami sina haja ya kujua nani ana nini. Ninachowasihi ni kwamba msipunguze thamani ili kupunguza ada. Ukiwa na vitu vya shilingi 600,000 ukavikatia bima ya 300,000, kisha moto ukaunguza vya 100,000, kampuni inaweza kutumia kanuni ya uwiano na kukulipa 50,000 tu, na kutoka humo ikatoe kile kiasi ambacho mwenye bima hujibebea mwenyewe katika kila dai. Pitieni chumba kwa chumba, piga picha, wekeni risiti, na hesabuni bei ya kununua upya leo.

Someni pia yasiyolipiwa. Wizi, katika hati nyingi, hulipiwa iwapo tu mwizi amevunja ili kuingia au kutoka. Mlango uliosahauliwa wazi haumsaidii mwenye mali. Dhahabu na vito huwekewa kikomo, na kinachozidi kikomo hicho hutakiwa kuorodheshwa kimoja kimoja, kwa hiyo akina mama wenye seti za harusi kabatini wasidhani kwamba neno "mali ya ndani" limetosha. Simu na kompyuta zinazotoka nje ya nyumba zina sehemu yake. Kifaa kilichoungua kwa umeme uliorudi kwa kishindo huenda kisilipiwe, jambo ambalo kwa hali ya umeme wetu linafaa kuulizwa kabla ya kulipa. Wanaosafiri kwenda bara au ng'ambo kwa muda mrefu waulize nyumba inaweza kukaa tupu siku ngapi kabla kinga haijapungua. Na anayepika biriani ya kuuza, anayeoka keki za maagizo au anayeshona nyumbani aseme hivyo kwa wakala, kwa sababu jambo lililofichwa siku ya kujaza fomu linaweza kubatilisha dai siku ya msiba. Kuwakatia bima wafanyakazi wa nyumbani si sharti langu, lakini Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inawahusu waajiri, nanyi mlio na wasaidizi ni waajiri.

Mchague kampuni mnayoitaka, mradi tu kampuni hiyo, na wakala au dalali wake, wawe na leseni ya mwaka huu ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Wanaopendelea takafuli kwa sababu za dini watakubaliwa sawasawa na wengine, mradi kinga zote mbili zimo. Mimi sina wakala ninayempendekeza na sitapokea kamisheni kutoka kwa yeyote. Mtu akiwabishia hodi akidai ametumwa na mwenye nyumba kuuza bima, mwambieni Bwana Karisa. Wala siombi jina langu liandikwe kama mpokeaji wa fidia ya mali zenu. Ni mali zenu.

Uthibitisho utakaokubaliwa ni nakala ya jedwali la bima linaloonyesha jina la mpangaji, namba ya nyumba, tarehe za kuanza na kumalizika na vikomo vya kila sehemu, pamoja na risiti ya malipo. Risiti naisisitiza kwa sababu chini ya kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima, Sura ya 487, kampuni hairuhusiwi kubeba hatari kabla haijapokea ada. Nukuu ya bei, au ahadi ya wakala kwamba "karatasi ziko njiani", si bima. Mnaweza kufunika kiasi cha bima ya mali ya ndani kwenye nakala mtakayonipa. Leteni nakala hizo katika ofisi ya orofa ya chini kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa tarehe 24 Oktoba 2025. Zitatumika kwa uhakiki huu pekee, zitafungiwa kabatini, na zitaharibiwa upangaji unapokwisha, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Kifungu kitakachoongezwa kwenye mkataba mpya kinasomeka hivi: "Mpangaji atakuwa na bima halali ya mali yake ya ndani na ya dhima yake kwa watu wengine, ikiwemo dhima kwa jengo alilopanga, katika muda wote wa mkataba, na ataonyesha uthibitisho wake kabla ya mkataba kuanza na kila bima inapofanywa upya. Kutokuwa na bima hakumwondolei mpangaji wala mwenye nyumba wajibu wowote alio nao kisheria."

Najua mwisho wa mwaka una ada za shule mbele yake, na si kila mmoja ataweza kulipa ada ya bima ya mwaka mzima kwa mkupuo. Yeyote atakayeona ugumu aje tuzungumze kabla ya tarehe 30 Septemba 2025, faraghani, bila aibu yoyote. Niko tayari kurefusha mkataba wa sasa kwa maandishi, kwa kodi ile ile, hadi tarehe 31 Januari 2026 ili apate nafasi ya kujipanga. Asiyeonyesha uthibitisho na asiyeomba nafasi hiyo sitamwandikia mkataba mpya, nami nitafuata utaratibu wa ilani uliomo katika mkataba wa sasa. Hakuna atakayefungiwa mlango wala kukatiwa maji.

Barua hii haiwahusu wenye maduka ya orofa ya chini. Upangaji wao uko chini ya sheria ya upangaji wa maduka, Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, ambayo humtaka mwenye nyumba anayebadilisha masharti atoe ilani rasmi ya muda usiopungua miezi miwili, na nitawaandikia peke yao.

Bwana Karisa na mimi tutakuwa ofisini kila Jumamosi ya Agosti na Septemba, saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, kwa mwenye swali au mwenye hati anayotaka tuisome pamoja kabla hajalipa.

Wenu mwaminifu,

Mwanaisha Bakari
Mwenye Nyumba, Jumba la Mlangobahari

Nakala: Msimamizi wa jengo