Taarifa ya Maendeleo ya Robo ya Tatu, Januari hadi Machi 2025: Mradi wa Maji Safi katika Vijiji Sita vya Wilaya ya Mkalama, Mkoa wa Singida (Toleo Lililorekebishwa)

Kwa Afisa Miradi,

Taarifa hii inachukua nafasi ya rasimu tuliyowasilisha tarehe 15 Aprili 2025. Rasimu ile ilieleza matatizo ya robo hii kwa sentensi moja, kwamba mradi "ulikabiliwa na changamoto ndogo za kijiolojia ambazo zinashughulikiwa". Baada ya kuisoma upya pamoja na mhandisi wetu na wahasibu, tumeona kwamba sentensi hiyo ilificha kisima kikavu, kisima chenye maji yasiyofaa kunywewa, na hesabu ya wanufaika iliyozidi hali halisi. Tunaomba rasimu hiyo isitumike tena. Vijiji vinatajwa hapa kwa namba zilizomo kwenye mkataba, K1 hadi K6.

Hali ya utekelezaji kufikia 31 Machi 2025

Mpango ulitaka visima virefu 6 viwe vimechimbwa na vituo 24 vya kuchotea maji viwe vinafanya kazi. Visima vilivyochimbwa ni 5, na vinavyotoa maji salama ni 3, yaani vya K1, K2 na K3. Vituo vilivyojengwa ni 18, lakini vinavyotoa maji ni 11. Katika vile 7 visivyotoa maji, 4 viko K4 na tumevifunga sisi wenyewe, 2 viko K5 ambako kisima ni kikavu, na 1 kiko K3, ambako bomba la kuingizia maji lilipasuka na likasubiri kifaa cha kuungia kwa wiki tatu. Kifaa hicho kimekwisha kufika, na kituo kinafunguliwa mwezi huu.

Marekebisho ya idadi ya wanufaika

Taarifa ya robo ya pili ilisema watu 4,000 walikuwa wanapata maji safi. Tuliipata namba hiyo kwa kuzidisha vituo 16 vilivyokuwa vimejengwa kwa watu 250, ambacho ndicho kiwango cha kituo kimoja katika Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002. Kosa halikuwa katika kiwango hicho. Tulihesabu kituo kilichojengwa kana kwamba ni kituo kinachotoa maji. Kufikia 31 Desemba 2024 vituo vilivyokuwa vikitoa maji yaliyopimwa na kukubaliwa vilikuwa 7 tu, hivyo hata kwa kiwango hicho hicho idadi isingezidi watu 1,750.

Mwezi Machi tuliandikisha kaya zinazochota maji katika vituo 11 vinavyofanya kazi, tukapata watu 2,310. Hii ndiyo namba tunayoiweka katika taarifa hii, ingawa ni ndogo kuliko ile ya robo iliyopita na jedwali la viashiria litaonekana kama limerudi nyuma. Kuanzia sasa hakuna kituo kitakachohesabiwa kabla ya kuwa na majibu ya maabara na kabla ya kutoa maji kwa siku 30 mfululizo.

Maji yenye floraidi katika kijiji cha K4

Hili ndilo jambo zito kuliko yote. Kisima cha K4 kilichimbwa Novemba 2024, na vituo vyake vinne vilifunguliwa tarehe 5 Desemba kabla ya majibu ya maabara kutoka. Majibu yalitufikia tarehe 14 Januari 2025: floraidi ilikuwa miligramu 3.8 kwa lita, wakati kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5. Sampuli ya pili ilithibitisha kiwango hicho, na tulivifunga vituo tarehe 16 Januari. Kwa hiyo wananchi walikunywa maji hayo kwa takriban wiki sita.

Uamuzi wa kufungua mapema ulikuwa wetu. Uongozi wa kijiji ulituomba tuharakishe, na kwa kuwa maji yalikuwa maangavu na hayana ladha mbaya, tulikubali. Floraidi nyingi katika maji ya ardhini ni jambo linalojulikana mkoani Singida, kwa hiyo hatuna sababu ya kusema kwamba lilitushtukiza. Madhara yake kwa meno na mifupa hutokana hasa na kunywa maji hayo kwa miaka mingi, lakini hilo halikutupa ruhusa ya kufungua bila kupima. Tulibaini pia kwamba wahamasishaji wetu walikuwa wakiwashauri wananchi kuchemsha maji, na kuchemsha hakuondoi floraidi. Ushauri huo ulisahihishwa katika mkutano wa kijiji wa tarehe 18 Januari, ambako tulieleza kosa letu mbele ya wanakijiji. Mkutano haukuwa mwepesi, hasa kwa akina mama waliolazimika kurudia visima vya kienyeji.

Kwa ushauri wa wahandisi wa RUWASA wilayani, tunapendekeza kuiunganisha K4 na kisima cha K2 kwa bomba la kilomita 3.2. Kisima hicho hutoa lita 10,000 kwa saa, na pampu ya sola huendeshwa kwa wastani wa saa sita kwa siku, yaani lita 60,000. Watu wa vijiji vyote viwili ni 2,170. Kwa lita 25 kwa mtu kwa siku wanahitaji lita 54,250. Ziada ni ndogo, na siku za mawingu haitatosha, ndiyo maana pendekezo linajumuisha tangi la pili la lita 50,000.

Kisima kikavu cha K5 na kuchelewa kwa K6

Kisima cha K5 kilichimbwa mwishoni mwa Januari hadi mita 130 bila kupata maji ya kutosha. Eneo lilichaguliwa kwa upimaji wa kijiofizikia wa mstari mmoja tu, kwa sababu tulitaka kumaliza kabla ya barabara kuharibika. Aidha, tulikuwa tumejenga vituo viwili mwezi Desemba ili mafundi wasikae bure, jambo ambalo hatutalirudia: ujenzi wa vituo sasa unaanza baada ya kisima kupimwa wingi na ubora wa maji. Upimaji mpya wa mistari mitatu umepangwa kufanyika Juni.

K6 haijachimbwa. Mtambo haukuweza kupita mtoni wakati wa mvua, na utapelekwa Juni barabara ikikauka.

Fedha

Matumizi ni shilingi 231,400,000 dhidi ya shilingi 298,000,000 zilizopangwa. Sehemu kubwa ya pungufu hiyo ni malipo ya kazi ambazo hazijafanyika, na isichukuliwe kuwa tumebana matumizi. Masurufu ya shilingi 1,870,000 hayakuwa na stakabadhi kamili. Yamerejeshwa kwenye akaunti ya mradi kutoka fedha za shirika.

Maombi yetu

Tunaomba idhini ya kuhamisha shilingi 46,000,000 kutoka kifungu cha ujenzi wa ofisi ya chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kwenda bomba na tangi la K4, pamoja na kusogeza mbele tarehe ya kukamilisha visima kutoka 31 Machi hadi 30 Septemba 2025. Chombo hicho kimekubali kwa maandishi kuendelea kutumia chumba cha ofisi ya kata kwa sasa. Tukipata idhini kabla ya tarehe 20 Mei, uchimbaji wa mtaro utaanza mwanzoni mwa Juni. Ikichelewa, K4 itabaki bila maji salama hadi baada ya mavuno, kwa kuwa nguvukazi ya kijiji itakuwa mashambani.

Majibu ya maabara, daftari la kaya na muhtasari wa mkutano wa K4 vimeambatishwa kama vilivyo.

Meneja wa Mradi
5 Mei 2025