Kwa Ocan, kuhusu bweni letu la mwaka 2004

Jinja, Agosti 2025

Ocan,

Anayekuandikia ni Swaibu, yule aliyelala kitanda cha juu yako sinia wani. Nimetaja jina mapema ili kama hutaki kuendelea, uishie hapa. Aliyekuletea bahasha hii nilimwomba akuulize kwanza kama utaipokea, na ukikataa aichane. Hajui kilichomo. Hatakuuliza kama umeisoma, wala hataniletea habari zako. Hayo tulikubaliana kabla sijamkabidhi.

Mwaka ule nilikutesa. Wenzetu mpaka leo wanasema ulikuwa utani wa bwenini, na mimi nilisema hivyo kwa miaka mingi. Haukuwa utani. Mtani humtania mtani wake, naye hujibiwa. Wewe ulikuwa peke yako, nami nilihakikisha unabaki peke yako.

Nianze na jambo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu mengine yalitokana nalo. Wiki ya kwanza, katika bweni zima, ni sisi wawili tu tuliokuwa tumekulia Kiswahili. Mimi nilitoka kambi ya polisi Nsambya, wewe ulikulia kambi ya jeshi Gulu mpaka baba yako alipofariki. Wenzetu walizungumza Kiganda na Kisoga, na Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya askari na ya majambazi. Taa zikizimwa tulinong'ona, wewe chini, mimi juu. Usiku mmoja ukanieleza jinsi mlivyoishi kwa bibi yako baada ya kutoka kambini: kwamba kila jioni, kabla giza halijaingia, ulibeba blanketi, ukawashika mikono wadogo zako, mkatembea mpaka hospitali ya Lacor kulala barazani pamoja na maelfu ya watoto wengine, kwa kuwaogopa waasi wasije wakawachukua. Alfajiri mlirudi, ukanawa uso, ukaenda shule. Ukaniambia pia kwamba binamu yako alichukuliwa na hakurudi. Ukasema usingizi wako umeharibika, na kwamba wakati mwingine unaamka umelowa.

Nilikuambia pole. Siku chache baadaye nikayapeleka yote kwa wakubwa.

Unakumbuka walivyokuwa wakija usiku na kuchagua mmoja wetu sisi wapya. Niliogopa zamu yangu, nikawapa wewe. Nikawaambia kuna mmoja hapa ametoka kwa Kony, na ni kikojozi. Sisemi hofu ile ili unihurumie. Wapya wengine waliogopa vilevile na hawakumtoa mtu.

Jina nililokupa lilikuganda mwaka mzima. Kony. Walikuita hivyo kwenye foleni ya posho, walikuita hivyo darasani mwalimu akiwa amegeukia ubao. Wengine hawakujua walichokuwa wakisema. Kwao kaskazini yote ilikuwa kitu kimoja, aliyeshika panga na aliyekimbia panga. Mimi nilijua. Ulikuwa umeniambia kwa mdomo wako kwamba unamkimbia mtu yule, nami nikakuvika jina lake.

Na lile gazeti. Mwaka huo, tarehe 21 Februari, waasi walivamia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Barlonyo, karibu na Lira, wakaua watu zaidi ya 300. Wengine walichomwa ndani ya vibanda vyao. Habari zilikuwa bado magazetini tulipofika bwenini. Nilichana ukurasa wenye picha, nikaubandika kwenye nguzo ya kitanda chako, nikasema kwa sauti ili wote wasikie: "Ocan, jamaa zako wamefanya kazi." Bweni zima likacheka. Wewe uliubandua ukurasa ule taratibu bila kuuchana, ukaukunja mara nne, ukauweka ndani ya sanduku lako la bati. Niliiona mikono yako. Nikaendelea kucheka.

Sasa kuna jambo usilolijua. Ndilo hasa lililonifanya niandike, maana ni haki yako kulijua, hata kama utaitupa barua hii ukishalisoma.

Asubuhi nyingi godoro lako lililowa kwa maji niliyoyamwaga mimi. Mara za mwanzo huenda zilikuwa zako, sijui, na si neno. Mtoto aliyepitia uliyoyapitia ana kila sababu. Lakini nilipoona wakubwa wanafurahi, nikaanza kuamka kabla ya kengele, ninachota kikombe cha maji kwenye jerikani lako mwenyewe, ninashuka polepole na kuyamwaga pembeni mwa kiuno chako ukiwa bado umelala. Kisha narudi juu na kujifanya nakoroma. Kuanzia muhula wa pili karibu kila mara ilikuwa mimi. Metroni alipokuamuru ulibebe godoro kichwani na kulipitisha mbele ya mabweni ya wasichana mpaka kwenye nyasi za jikoni, ulikuwa umebeba uongo wangu. Nilikuona ukiacha kunywa chai ya jioni. Ukaacha na uji. Ukawa unakula posho kavu bila hata mchuzi wa maharage, kwa kudhani kosa liko mwilini mwako. Nilijua ni kwa nini huli, na alfajiri bado nikamwaga.

Mwili wako haukuwa na kasoro uliyoambiwa inayo. Kama kuna siku katika miaka hii yote uliamini vinginevyo, au ulimweleza mtu kwa aibu, basi ujue kwamba aibu ile ilikuwa yangu tangu siku ya kwanza.

Siku ya kutembelewa alikuja mama yako. Wazazi wengine walishuka kwenye magari wakiwa na kuku wa kukaanga na soda. Yeye alikuwa amesafiri na basi kutoka Gulu, akavuka Karuma na kuja kubadilisha gari Kampala, na alibeba kopo la ufuta uliosagwa na karanga, limefungwa kwa leso. Ukanitambulisha kwake. Sijui kwa nini ulinitambulisha. Labda kwa sababu nilikuwa bado mtu pekee pale uliyeweza kusema naye Kiswahili. Alifurahi sana. Aliniita mwanangu, akaniuliza baba yangu yuko kituo gani, akaniambia, "Wewe umezoea huku. Umwangalie mwenzako." Nikamjibu ndiyo, mama. Usiku ule mimi na wakubwa tulivunja kufuli ya sanduku lako tukala ule ufuta wote kwa vidole, na leso yake tukafutia viatu.

Mama yako alinikabidhi mtoto wake, nami nikamdanganya usoni. Sitamtafuta kumwambia. Yale yaliyotokea bwenini ni yako. Ukitaka ayajue utamwambia mwenyewe, usipotaka basi.

Mwaka 2005 hukurudi. Ningependa kuandika kwamba nilisikitika, lakini nilichohisi ni nafuu, kwa sababu hakukuwa tena na mtu anayejua nilikuwa nani kabla sijawa yule niliyekuwa. Kitanda chako alipewa mwingine, na sisi tukaendelea.

Kuna jambo jingine unalopaswa kulisikia kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Tuna kundi la WhatsApp la wale tuliosoma pamoja. Mwaka huu mmoja akaleta tena hadithi ya godoro, wakacheka, na jina lile likatajwa. Nikaandika pale kwamba maji nilimwaga mimi, kwamba hadithi ile ni ya uongo tangu mwanzo, na kwamba jina lile nililitunga nikijua linamuumiza nani. Sikusema chochote ulichonisimulia kuhusu nyumbani kwenu. Hayo nimeshayatoa mara moja na hayatatoka tena kinywani mwangu. Wengine walinyamaza. Wengine waliniambia tulikuwa watoto, nisijitese. Nilikuwa na miaka 14. Mtoto wa miaka 14 anajua maji ni nini na usingizi wa mwenzake ni nini. Sikuwaambia ninakuandikia wewe, na hawataona barua hii.

Nilikukosea, Ocan. Nilichukua siri uliyoniamini nayo nikainunulia usalama wangu, kisha nikaendelea hata baada ya kuwa salama, kwa sababu nilipenda kuchekewa na wakubwa. Hakuna ulichokifanya kilichonipa sababu. Hukuwa dhaifu. Ulikuwa umewatembeza wadogo zako gizani ili waishi, na hakuna hata mmoja wetu bwenini mle aliyekuwa amefanya jambo kubwa kama hilo. Ninajuta, na nitaendelea kujuta upende usipende, maana kujuta kwangu hakukupi wewe kazi yoyote.

Sikuombi unisamehe. Sikuombi unijibu, wala tukutane, wala uniambie maisha yako yalikwendaje. Nimeacha makusudi kuandika namba ya simu, ili isije ikakaa pale chini ya karatasi kama deni linalokungoja. Sikutaka pia kuweka pesa wala zawadi ndani ya bahasha, kwa sababu ungelazimika kuamua uzirudishe au uzile, na nimeshakuamulia mambo ya kutosha. Ukiwa na hasira, ni zako na ni za haki. Ukiwa ulishasahau na mimi ndiye niliyekukumbusha, basi hilo nalo ni kosa langu, liongeze kwenye mengine.

Uganda si kubwa. Huenda siku moja tukajikuta kwenye basi moja au kwenye msiba wa mtu tunayemfahamu sote. Sitakuja kukusalimia kwanza mbele za watu ukajikuta huna la kufanya ila kunipa mkono. Nitakaa nilipo. Ukinipita bila kunitazama sitamwuliza mtu sababu, wala sitalalamika kwa yeyote.

Barua hii ni yako. Ichome, itunze, au msomee umtakaye, hata wale wa kundi letu. Kila kilichoandikwa humu nitakikubali mbele ya yeyote atakayeniuliza.

Swaibu