Barua ya Mpangaji Kupinga Kodi Kupandishwa Kabla ya Mkataba Kwisha

Tabata Segerea,
Dar es Salaam.
14 Julai 2025

Mzee Shabani,
Mwenye nyumba.

YAH: KUPANDISHWA KWA KODI YA PANGO KATIKATI YA MKATABA

Shikamoo Mzee.

Nimepokea ujumbe wako wa tarehe 9 Julai unaosema kuanzia Agosti kodi ya nyumba ya uani itakuwa sh. 350,000 kwa mwezi badala ya 250,000, na kwamba nikishindwa nihame. Naomba kukujulisha kwa maandishi kuwa sikubaliani na ongezeko hilo.

Mkataba wetu ulianza tarehe 1 Februari 2025 na unaisha tarehe 31 Januari 2026. Kifungu cha 3 kinasema kodi ni sh. 250,000 kwa mwezi, inalipwa kwa miezi sita sita, na haitabadilika hadi mkataba uishe. Chini yake kuna mstari uliouongeza wewe mwenyewe kwa kalamu, kwamba atakayetaka mabadiliko atoe notisi ya maandishi ya miezi mitatu kabla ya mkataba kwisha. Sote wawili tulisaini pembeni ya mstari huo, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, naye akagonga muhuri. Nimeambatanisha nakala.

Umesema sababu ni kisima. Mzee, kisima tulikipokea kwa furaha, lakini pampu iliungua mwezi Mei na mpaka leo tunanunua maji kwa madumu. Hata ingekuwa inafanya kazi, hakuna kifungu kinachoruhusu kodi kupanda kwa sababu ya matengenezo.

Najua vifaa vya ujenzi vimepanda bei, na sikatai kodi kuangaliwa upya. Ila wakati wake ni mkataba mpya. Ukinipa notisi kabla ya tarehe 31 Oktoba tutakaa tuzungumze, na mimi niko tayari kufika 280,000 maji yakiwa yanatoka.

Kwa sasa, kabla ya tarehe 1 Agosti nitaweka sh. 1,500,000 za miezi sita iliyobaki kwenye akaunti ileile ya benki, na naomba risiti kama kawaida. Kuhama sitahama kabla ya mkataba kwisha. Neema yuko darasa la saba, mtihani ni Septemba, na siwezi kumhangaisha mtoto wakati huu kwa jambo ambalo mkataba umeshalimaliza.

Naomba jibu lako kwa maandishi kufikia tarehe 25 Julai. Tusipoelewana, nitaomba mwenyekiti aliyeshuhudia mkataba atukutanishe. Ikishindikana hapo nitalipeleka Baraza la Kata, na baadaye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ningependa tuyamalize hapa hapa nyumbani. Jioni yoyote baada ya saa kumi na mbili utanikuta.

Wako mpangaji,

Anna Mushi (Mama Neema)

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa
Kiambatanisho: Mkataba wa upangaji, kurasa 2