AirPods zimegoma? Namna ya kuziriseti, na pale riseti isiposaidia

Maelezo haya ni kwa wateja wetu wenye AirPods za kasha lenye kitufe nyuma: kizazi cha 1 hadi cha 3, pamoja na Pro ya 1 na ya 2. AirPods 4 na Pro 3 hazina kitufe hicho, kwa hiyo usizifuatishie hatua hizi.

Usikimbilie kuriseti. Safisha kwanza. Juzi mama mmoja alituletea ya kushoto akisema imekufa. Tulipomulika tochi ndani ya kasha, chini kabisa ya shimo tukaona kibonge cha nyuzi za mkoba, kidogo kuliko punje ya mchele, kimeizuia isifikie pini za chaji. Tulikitoa kwa brashi kavu, na baada ya nusu saa ikaanza kuimba. Tumia brashi laini au kijiti cha pamba kikavu. Usitie maji humo. Kisha chaji kasha kwa waya ambao una hakika unafanya kazi.

Bado kimya? Sasa riseti:

1. Rudisha zote mbili kwenye kasha, funga kifuniko, subiri sekunde 30, halafu fungua.
2. Kwenye iPhone ingia Settings, kisha Bluetooth. Gusa alama ya (i) mbele ya jina la AirPods zako, chagua Forget This Device na uthibitishe.
3. Kifuniko kikiwa wazi, bonyeza kitufe cha nyuma bila kuachia, kama sekunde 15. Taa itamweka rangi ya chungwa, kisha nyeupe. Wengi huachia mapema, wakiona chungwa tu, ngoja nyeupe.
4. Sogeza kasha karibu na simu ufuate maelekezo. Kwa simu ya Android, ichague AirPods kwenye orodha ya blututhi taa ikiwa inamweka nyeupe.

Riseti hufuta kumbukumbu ya kuunganisha, basi. Haifufui betri. Kama ya kulia inazima baada ya dakika chache na ya kushoto inaendelea, betri imechoka. Sauti ikiwa hafifu upande mmoja, angalia wavu, mara nyingi ni nta ya sikio. Kama kasha limechajiwa saa nzima na taa haiwaki kabisa, au zilifuliwa na suruali, zilete dukani, usiendelee kuzichaji.

Ukinunua kipande kimoja badala ya kilichopotea, lazima kiwe cha modeli ileile, la sivyo havitaungana hata uriseti mara kumi.

Na kwa mliozinunua mkononi mwa mtu: AirPods 3 na Pro zikiwa bado zimefungwa kwenye akaunti ya mwenyewe wa kwanza, riseti haizifungui. Ni yeye tu anayeweza kuziondoa, kupitia Find My. Mwambie aziondoe mbele yako kabla hujampa hela.